Dashibodi ya Mvua ya Chama cha Ushirika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanachama wenye mashamba Chanika, Msongola, Kimbiji na Mabwepande, na hasa kwa makatibu wa vikundi wanaosoma vipimamvua kila asubuhi. Maswali mengi tunayoletewa, hata yakianzia mbali, huishia kwenye jambo moja: kwa nini tarakimu iliyo kwenye dashibodi hailingani na maji yaliyo kwenye kopo la shambani. Kwa hiyo jambo hilo limepewa nafasi kubwa kuliko mengine, na yaliyobaki yamejibiwa kwa kadiri yanavyohitaji.

Tarakimu za dashibodi zinatoka wapi?

Zinatoka Open-Meteo, chanzo cha umma kinachokusanya matokeo ya modeli, yaani programu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa, za vituo vikubwa vya hali ya hewa duniani na kuyatoa bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, kwa sharti kwamba chanzo kitajwe. Ndiyo sababu jina lake lipo chini ya kila ukurasa wa dashibodi, na tunaomba lisikatwe mnapopiga picha ya skrini. Kompyuta ya ofisi hutuma ombi kama hili, ambalo hapa limewekewa latitudo na longitudo za katikati ya jiji la Dar es Salaam:

```
https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-6.82&longitude=39.28&hourly=precipitation,precipitation_probability,temperature_2m&past_days=2&forecast_days=7&timezone=Africa/Dar_es_Salaam
```

Jibu huja likiwa na orodha ya saa na, sambamba nayo, orodha ya milimita za mvua za kila saa. Hakuna chombo chochote cha chama kilichofungwa shambani kinachotuma habari kwenye dashibodi. Kipimo cha kweli cha shamba lako ni kile unachokisoma wewe mwenyewe kwenye kipimamvua.

Asubuhi ya Jumanne kipimamvua changu kilikuwa na milimita 33, lakini dashibodi ilionyesha milimita 20 tu kwa siku hiyo. Nani amekosea?

Swali hili liliulizwa na mwanachama wa Chanika wakati wa masika, na lilitulazimisha kubadilisha namna tunavyojumlisha. Tulipofungua data ya saa moja moja tulikuta kwamba modeli iliiona mvua ile vizuri. Ilianza baada ya saa 3 usiku wa Jumatatu na kukatika saa 9 usiku, kabla ya alfajiri ya Jumanne. Chanzo kilikuwa kimeandika hivi: saa 22:00 milimita 2, saa 23:00 milimita 6, saa 00:00 milimita 9, saa 01:00 milimita 7, saa 02:00 milimita 3, na saa 03:00 milimita 1. Jumla yake ni milimita 28.

Hizo 28 ziligeukaje kuwa 20? Dashibodi yetu ya kwanza ilijumlisha kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kila mstari, kwa hiyo mistari miwili ya kwanza ilihesabiwa Jumatatu na mingine minne ikahesabiwa Jumanne. Hapo palikuwa na makosa mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba milimita zinazoandikwa kwenye saa fulani ni za saa iliyotangulia: zile 9 za saa 00:00 zilinyesha kati ya saa 5 na saa 6 usiku, yaani bado ilikuwa Jumatatu kwa kalenda ya ofisini. Kama tungelirekebisha kosa hilo peke yake, Jumanne ingebakiwa na milimita 11, na mwanachama angezidi kutushangaa.

Kosa la pili ndilo kubwa. Kipimamvua hakijui usiku wa manane. Katibu wa kikundi hukimwaga saa 3 asubuhi na kukisoma tena saa 3 asubuhi ya kesho yake, saa ambayo pia ndiyo ya kusoma mvua katika vituo vya hali ya hewa hapa nchini, kwa kuwa inalingana na saa 06:00 ya UTC, saa ya pamoja ya dunia nzima. Siku ya mvua, kwa hiyo, huanza saa 3 asubuhi na kuisha saa 3 asubuhi. Ukiipima mvua ya usiku ule kwa siku hiyo, milimita zote 28 zinaingia kwenye usomaji mmoja wa Jumanne asubuhi, na tofauti halisi kati ya modeli na kopo inabaki 5 badala ya 13. Tofauti ya 5 kwa mvua ya namna ile ni ya kawaida kabisa.

Kwa mzee wa pwani jambo hili halina ugeni. Mvua iliyoanza saa 3 usiku na kukatika saa 9 usiku ni mvua ya usiku wa kuamkia Jumanne, na hakuna anayeikata vipande viwili saa 6. Sasa dashibodi imeandikwa maneno hayo hayo, «hadi saa 3 asubuhi ya Jumanne», ili katibu aweke tarakimu mbili zinazolingana kwenye mstari mmoja wa daftari.

Siku ya mvua inajumlishwaje kwenye programu?

Sehemu yenyewe ni fupi, na tunaiweka hapa kwa sababu vijana wa vikundi vingine wameiomba:

```python
from datetime import datetime, timedelta

def siku_ya_mvua(saa, mm, tarehe):
    mwisho = datetime.fromisoformat(tarehe + "T09:00")
    mwanzo = mwisho - timedelta(hours=24)
    th = [m for s, m in zip(saa, mm)
          if mwanzo < datetime.fromisoformat(s) <= mwisho]
    if len(th) != 24 or None in th:
        return None
    return round(sum(th), 1)
```

Tazama alama za mwanzo na mwisho. Saa 09:00 ya jana imeachwa nje, na saa 09:00 ya leo imeingizwa ndani, kwa sababu ile ya jana inabeba mvua ya saa nzima kabla kipimamvua hakijamwagwa. Ukizigeuza alama hizo, jumla itakosea kwa saa moja tu, na kosa hilo halitaonekana kwa wiki kadhaa, mpaka siku mvua itakapopiga saa 2 na nusu asubuhi.

Chanzo hutoa pia jumla ya siku iliyokwisha kuhesabiwa, lakini hatuitumii, kwa kuwa inafuata siku ya kalenda na siyo siku ya kipimamvua.

Kwa nini zamani mvua ilionekana kwenye dashibodi saa tatu kabla ya kunyesha?

Usipotaja majira ya saa kwenye ombi, chanzo hujibu kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za hapa kwa saa tatu. Mvua ya saa 4 usiku ikaonekana kama ya saa 1 jioni. Kipande cha mwisho cha ombi, `timezone=Africa/Dar_es_Salaam`, ndicho kilichoponya tatizo hilo.

Baada ya hapo ukaja mtego mwingine. Saa zinazorudi zimeandikwa hivi, `2025-04-08T03:00`, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba tayari ni saa za Dar es Salaam. Seva iliyopangwa kwa UTC ikizipokea hudhani ni za kwake, kisha ukurasa kwenye simu huziongezea saa tatu nyingine, na mvua ikaonekana imechelewa badala ya kuwahi. Dalili ya kosa la namna hii ni kwamba halibadiliki: kila mvua inahama kwa saa tatu kamili, mbele au nyuma. Kosa la modeli haliwi na utaratibu huo. Leo litawahi kwa saa moja na kesho litachelewa kwa nne.

Kwenye skrini tunaonyesha saa za Kiswahili, kwa hiyo 09:00 husomeka «saa 3 asubuhi». Ndani ya programu saa hubaki za tarakimu 24, na hugeuzwa mwishoni kabisa, wakati wa kuandika tu. Tulipojaribu kuzigeuza mapema, saa 3 ya asubuhi na saa 3 ya usiku zilijumlishwa pamoja.

Mvua ya jana iliyo kwenye dashibodi ni mvua iliyopimwa?

Hapana, na hili linawapotosha wengi kwa sababu mtu akiona tarehe iliyopita huamini kwamba kinachoonyeshwa ni kilichotokea. Siku mbili za nyuma tunazozivuta kwa `past_days=2` bado ni matokeo ya modeli. Ni ya karibu zaidi na hivyo kwa kawaida yana uhakika kuliko utabiri wa siku ya tano, lakini hakuna mtu aliyepima. Ndiyo maana nguzo za modeli zimechorwa kwa rangi ya samawati, na usomaji wa vipimamvua unaoingizwa na makatibu umechorwa kwa nukta nyeusi. Panapokosekana nukta nyeusi, hakuna aliyesoma siku hiyo, na nguzo ya samawati haichukui nafasi yake.

Kwa madai yoyote yanayohusu hasara, au kwa kumbukumbu za chama za msimu, tumieni nukta nyeusi peke yake.

Shamba langu na la jirani yangu wa kilomita nne yana tarakimu zile zile. Kwake ilinyesha, kwangu vumbi. Mbona?

Modeli huigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa. Modeli ya Ulaya iitwayo ECMWF hufanya kazi kwa miraba ya kilomita 9 hivi, na ile ya Marekani iitwayo GFS hutumia miraba mikubwa zaidi. Mashamba yote yaliyo ndani ya mraba mmoja hupewa mvua moja. Unaweza kuliona hilo kwenye jibu lenyewe la chanzo, kwa kuwa latitudo na longitudo zinazorudi si zile ulizoomba, bali ni za mraba uliochaguliwa.

Mvua zetu nyingi hutoka kwenye mawingu mamoja mamoja yanayovimba kwa joto, na wingu la namna hiyo linaweza kuwa na upana mdogo kuliko mraba mzima. Modeli hulitandaza wingu hilo juu ya mraba wote, na matokeo yake ni milimita 3 kila mahali, wakati kwa kweli ilinyesha 15 upande mmoja na sifuri upande wa pili. Kwa sababu hiyo hiyo modeli hupenda kuonyesha manyunyu ya mara kwa mara ambayo hakuna anayeyaona. Sisi tumeamua kwamba jumla iliyo chini ya milimita 1 kwa siku iandikwe «hakuna mvua ya maana», na tangu tufanye hivyo malalamiko ya manyunyu hewa yamekoma.

Wenye mashamba ya Kimbiji wana jambo lao. Shamba likiwa karibu na ufukwe, mraba wa karibu zaidi unaweza kuwa wa bahari. Chanzo hupendelea mraba wa nchi kavu usipokiagiza vinginevyo, na tumeacha mpangilio huo kama ulivyo. Anayetaka kujenga dashibodi yake asiweke `cell_selection=nearest` kwa kudhani kwamba ukaribu ni usahihi.

Asilimia 60 ya mvua maana yake itanyesha sana?

La. Asilimia ni uwezekano kwamba katika saa hiyo itanyesha zaidi ya milimita 0.1, kiasi ambacho hakitoshi hata kulowesha vumbi. Asilimia 90 yenye milimita 0.4 ni wingu na manyunyu. Asilimia 40 yenye milimita 12 ni mvua ambayo huenda isije, lakini ikija itaufukia mchicha mchanga. Soma zote mbili pamoja, na ukilazimika kuchagua moja kwa ajili ya kupanga kazi ya kesho, chagua milimita.

Kwa nini siku nyingine zimeandikwa «hakuna data» badala ya sifuri?

Kwa sababu sifuri ni habari, na kukosa data ni kukosa habari. Tulilijifunza hili kwa hasara. Mwanzoni programu ilipokosa jibu ilijaza sifuri ili mchoro usivunjike. Wakati mmoja wa masika mtandao wa ofisi ulikatika kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na kwa siku tatu dashibodi ikaonyesha 0.0, kwa herufi nzuri kabisa, bila alama yoyote ya wasiwasi. Wanachama wawili waliona ukavu huo, wakaweka mbolea ya kukuzia Jumamosi mchana, na usiku mvua ikaisomba hadi mtaroni. Kosa lilikuwa letu.

Sasa jibu jipya halifuti la zamani mpaka likaguliwe. Programu hulipakua kwenye faili la pembeni, hulikagua, na ndipo hulibadilisha:

```
curl -fsS --max-time 30 "$URL" -o mpya.json \
  && python3 kagua.py mpya.json \
  && mv mpya.json sasa.json
```

Alama ya `-f` ni ya lazima. Bila hiyo, chanzo kikijibu kwa ujumbe wa kosa, `curl` huuhifadhi ujumbe huo kana kwamba ni data. Programu ya `kagua.py` nayo huangalia mambo machache tu: kwamba orodha ya saa na orodha ya milimita zina urefu mmoja, kwamba saa ya sasa imo ndani ya orodha, na kwamba hakuna milimita iliyo chini ya sifuri. Pale chanzo chenyewe kinapoweka `null`, siku nzima ya mvua huandikwa «hakuna data», hata kama saa 23 nyingine zipo. Wengine wanaona huo ni ukali. Lakini saa moja iliyokosekana ndiyo inaweza kuwa ile ya milimita 9.

Dashibodi inajisasisha mara ngapi, na nitajuaje kwamba imekwama?

Kila baada ya saa tatu, kwa mstari huu wa `cron`, programu inayoendesha kazi kwa ratiba:

```
20 */3 * * * /home/ushirika/vuta.sh
```

Kuvuta kila dakika hakuongezi chochote, kwa kuwa modeli kama GFS huendeshwa mara nne kwa siku, na matokeo yake huchukua saa kadhaa kabla ya kupatikana. Juu ya ukurasa kuna umri wa data. Ukipita saa 7, yaani majaribio mawili yameshindwa, umri huo hugeuka rangi ya chungwa. Ukipita saa 24, tarakimu zote hufichwa na kubaki tangazo peke yake.

Upo ukwamaji wa siri zaidi, pale kompyuta yetu inapopakua vizuri lakini chanzo kinarudia matokeo yale yale ya jana. Umri wa faili utaonekana mchanga ilhali habari ni kuukuu. Wakati wa kiangazi huwezi kuutambua kwa mvua, maana sifuri ya leo na sifuri ya jana zinafanana. Kwa hiyo tunalinganisha joto la kesho mchana katika faili nne zinazofuatana: likiwa halijabadilika hata sehemu ya kumi ya digrii, mhusika hupata ujumbe wa kwenda kuangalia. Ni kwa ajili ya ukaguzi huu tu kwamba `temperature_2m` imo kwenye ombi letu.

Dashibodi inachukua nafasi ya taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania?

Haichukui. Tahadhari za mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi hutolewa na Mamlaka, na wanasayansi wake hutazama mambo ambayo mraba wetu mmoja hauna. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kilichohitajika kujulikana ni njia ya kimbunga na nguvu ya upepo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika ombi letu. Vilevile dashibodi ya siku saba haiwezi kukuambia vuli itaanza lini au masika yatakuwa haba. Kwa hayo, subiri utabiri wa msimu wa Mamlaka. Tahadhari ya Mamlaka ikipingana na dashibodi, fuata tahadhari.

Sina kipimamvua cha kununua. Naweza kutumia kopo?

Unaweza, mradi kopo liwe na kuta zilizonyooka kutoka chini hadi mdomoni na kitako bapa. Upana wake haujalishi, kwa sababu kopo pana hupokea maji mengi na kuyatandaza zaidi, na kina kinabaki kile kile. Pima kina kwa rula yenye milimita. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na lifungwe kwenye kigingi ili kuku wasiliangushe. Lisome saa 3 asubuhi, hata siku ambayo hakukunyesha, kisha andika 0 kwa mkono wako mwenyewe.

Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa ekari moja hizo ni lita 4,047 hivi, karibu ndoo 200 za lita 20. Anayemwagilia kwa keni ataelewa haraka kwa nini tunabishania milimita 5.

Naweza kusambaza picha ya dashibodi kwenye makundi ya WhatsApp?

Ndiyo, lakini tumia kitufe cha «Picha ya leo» badala ya kupiga skrini. Picha hiyo huandikwa katikati, kwa herufi kubwa, siku na saa ambayo data ilivutwa, kwa kuwa picha husafiri kutoka kundi hadi kundi na tumewahi kurudishiwa utabiri wetu wa siku nne nyuma ukiwa umeitwa wa kesho. Ukiipokea picha isiyo na saa katikati, usiifanyie kazi. Fungua ukurasa wenyewe, na kama simu bado inaonyesha saa ya zamani, vuta ukurasa chini ili usomwe upya.